Elfu kumi na tano ni 15,000 au 10,005? Jinsi ya kuandika hela za kutamkwa kwenye muhtasari

"Shikamoo mzee. Mi ni katibu mpya wa kikundi chetu cha vikoba, tuko watu 23. Vikao tunarekodi kwa simu halafu naandika muhtasari nyumbani. Kikao kilichopita mweka hazina alisema hivi: 'Tumefungua na milioni mbili na mia tatu, hisa laki nne na sitini, jamii elfu mbili mbili, faini elfu kumi na tano, mama wa genge karejesha mia mbili na hamsini. Tumetoa mikopo miwili, moja na nusu na laki saba kasoro ishirini. Tumefunga na laki nane tisini na moja.' Nimeandika kama nilivyosikia, nikijumlisha napata tumefunga na 276,615. Yeye anasema boksi lina 891,000 na kahesabu mbele ya watu. Nani kakosea?"

Marahaba mwanangu. Hela zipo zote, mweka hazina wako yuko sawa na wewe masikio yako yako sawa pia, kilichopotea ni neno "elfu" ambalo yeye hakulitamka kwa sababu kila mtu pale kwenye mkeka alikuwa analijua, ila karatasi haikuwepo kwenye mkeka. Mi kazi ya kunukuu rekodi za vikao na kukagua vitabu vya vikundi nimeifanya miaka mingi na nakwambia hili ndo kosa namba moja, kuliko hata wizi.

Tuanze na hiyo elfu kumi na tano maana ndo mama wa mengine yote. Kwenye Kiswahili elfu inakaa mbele, idadi inafuata nyuma, kama vile unavyosema mayai kumi na tano. Ukisema mayai kumi na tano hakuna anayeuliza kama ni mayai kumi halafu na kitu kingine tano, basi elfu nazo ni hivyohivyo, ni elfu ngapi, elfu kumi na tano, yaani 15,000. Shida inakuja kwamba hiyohiyo "na" inayounga kumi na tano ndo hiyohiyo inayounga elfu kumi na kilichobaki, kwa hiyo kisarufi 10,005 nayo inaruhusiwa kabisa kusemwa elfu kumi na tano. Lugha yenyewe haikuamulii. Watu wa mahesabu wanaokwepa hii shida wanageuza, wanasema kumi na tano elfu, hapo hakuna ubishi, na anayetaka ile nyingine anasema elfu kumi na shilingi tano. Lakini mweka hazina aliyechoka saa kumi na moja jioni hasemi hivyo, na wala usimtegemee.

Wengine watakwambia sikiliza pumzi, kwamba mtu akisema "elfu kumi ... na tano" akatua katikati basi ni 10,005. Kuna ukweli kidogo humo, ila kwenye rekodi ya simu iliyowekwa juu ya ndoo huku mtoto analia na mvua inapiga bati, mtu anatua kwa sababu anageuza ukurasa wa daftari. Pumzi iwe ushahidi wa mwisho, usianze nayo.

Anza na hela yenyewe. Hapa Tanzania sarafu unazoziona mkononi ni ya 50, 100, 200 na 500, ile ya shilingi tano hata mtoto wa shule huwezi kumkuta nayo siku hizi. Sasa kikundi kitakusanyaje faini kwa hela taslimu ifike 10,005? Hiyo tano itatoka wapi? Halafu angalia faini yenu ni kiasi gani kwa mtu. Kama kuchelewa ni 1,000 basi 15,000 ni watu 15 waliochelewa, na kwenye kikundi cha watu 23 siku ya mvua hilo linaingia akilini, wakati 10,005 haigawanyiki kwa 1,000 hata ufanyeje. Ukipata namba ambayo haigawanyiki kwa kiwango cha mtu mmoja, ujue umeandika kitu ambacho hakikutokea.

Hisa nazo hivyohivyo. Laki nne na sitini ukiiandika 400,060 umefuata maneno neno kwa neno, lakini anayesema laki halafu akaruka kwenda sitini, nia yake karibu kila mara ni elfu sitini, yaani 460,000. Hii ni tabia ya Kiswahili cha hela, kwamba baada ya kutaja kipimo kikubwa tunashuka kwenye kipimo kinachofuata bila kukitaja jina. Laki na ishirini ni 120,000. Milioni mbili na mia tatu ni 2,300,000, hizo mia tatu ni elfu mia tatu yaani laki tatu. Hakiki kwa hisa: kama hisa yenu moja ni 5,000, basi 460,000 ni hisa 92, na kwa watu 23 ambao kila mmoja ananunua kati ya moja na tano hiyo inakaa vizuri. Na kitabu cha hisa kina mihuri, hesabu mihuri ya siku hiyo, ikifika 92 mjadala umefungwa.

Ya mama wa genge ni ngumu kidogo kwa sababu hakuna hata kipimo kikubwa mbele, kasema tu mia mbili na hamsini. Ukiisikia peke yake ni shilingi 250, bei ya andazi. Lakini nani anarejesha mkopo kwa shilingi 250? Kwenye mazungumzo ya mikopo kila mtu keshaweka elfu kichwani tangu mwanzo na halitamkwi tena, kama vile dalali wa viwanja akikwambia "kile cha kona ni nane" humuulizi nane nini. Hapa usikisie, fungua muhtasari wa kikao kilichopita uangalie alikuwa anadaiwa kiasi gani. Kama deni lilikuwa 750,000 na mlikubaliana marejesho matatu, basi 250,000 ndo hiyo, na andika palepale kwamba salio lake ni 500,000 ili katibu wa mwezi ujao (ambaye ni wewe, ila utakuwa umesahau) asihangaike.

Sasa jamii, elfu mbili mbili. Hii naona uliipata, maana hesabu yako ingekuwa mbali zaidi, ila niieleze kwa sababu nimeona mtu kaandika 2,002 na mwingine kaandika 4,000. Kiswahili kikirudia namba ya mwisho kinamaanisha kila mmoja. Elfu mbili mbili ni 2,000 kwa kila mtu, elfu kumi na tano tano ni 15,000 kwa kila mtu, mia tano tano ni 500 kwa kila mtu. Kwa hiyo kwenye muhtasari usiandike tu 2,000 ukaacha hewani, andika 2,000 × 23 = 46,000, watu waone imetoka wapi na aliyekuwa hajatoa ajulikane. (Mfuko wa jamii mi ningeutenganisha na boksi la mikopo, naona nyie mmehesabu pamoja, lakini hilo hukuniuliza.)

Mikopo. Moja na nusu, nusu siku zote ni nusu ya kipimo kilichotajwa au kilicho kichwani, hapa ni milioni, kwa hiyo 1,500,000. Laki mbili na nusu ni 250,000, laki na nusu ni 150,000. Laki saba kasoro ishirini ni laki saba toa elfu ishirini, 680,000. Hiyo kasoro wengi wanaisikia ila wakati wa kuandika inawapita, wanaandika 720,000, kwa hiyo ukiisikia tu andika alama ya kutoa kwanza kabla ya namba yoyote.

Haya jumlisha upya. 2,300,000 ongeza 460,000 ongeza 46,000 ongeza 15,000 ongeza 250,000, unapata 3,071,000. Toa mikopo 1,500,000 na 680,000, yaani 2,180,000. Inabaki 891,000, laki nane tisini na moja, kama ilivyo kwenye boksi.

Sasa nikupe kitu ambacho mi mwenyewe nilichelewa kukijua na kingeniokoa usiku mwingi. Chukua tofauti kati ya boksi na hesabu yako, 891,000 toa 276,615, ni 614,385. Igawe kwa 999. Weka kwenye kalkuleta ya simu uone, inatoka 615 kamili bila nukta. Na 615 ni nini? Ni mia tatu, na sitini, na tano, na mia mbili hamsini, ukizijumlisha. Ni yale maneno hasa ambayo elfu yake ilipotea.

Sababu yake ni rahisi. Mtu akimaanisha elfu tano wewe ukaandika tano, umepunguza 5,000 ukaweka 5, kwa hiyo umepungukiwa 4,995, ambayo ni 5 mara 999. Akimaanisha elfu sitini ukaandika sitini, umepungukiwa 59,940, ni 60 mara 999. Kila elfu iliyopotea inaacha alama ya 999 zidisha neno lenyewe. Kwa hiyo kama ungekuwa umekosea faini peke yake, tofauti ingekuwa 4,995, unagawa unapata 5, unarudi kwenye rekodi unatafuta wapi palisemwa "tano" mwishoni, dakika moja umeshaiona. Zikiwa zimepotea nyingi kama zako unapata jumla yake, inabidi utafute maneno gani yanajumlika kufikia hapo, si kazi kubwa kwa kikao cha nusu saa.

Mipaka yake ujue pia. Hii inakamata elfu iliyopotea tu. Kama aliyepotea ni laki, mfano mtu kasema "moja na mbili" akimaanisha milioni moja na laki mbili wewe ukaandika 1,000,002, hapo haigawanyiki kwa 999, jaribu 99,999. Tofauti ikigawanyika kwa 9 lakini si kwa hizo kubwa, mara nyingi umepindua tarakimu, umeandika 460,000 kama 640,000, kosa la zamani la makarani wote. Na ikiwa haigawanyiki hata kwa 9 basi acha kutafuta elfu, kuna kitu hukukisikia kabisa, au umezidisha watu 23 wakati waliotoa walikuwa 22, au ndo kweli hela haipo. Jingine, kosa likiwa upande wa mikopo linakuja kinyume, hesabu yako inazidi au inapungua tofauti na unavyotegemea, na makosa mawili ya pande mbili yanaweza kufichana. Kwa hiyo jumla ikikubali furahi ila bado pitia mstari mmoja mmoja.

Kuna "na" moja ndogo ambayo nataka uifungulie masikio kuliko zote. "Elfu mia mbili" ni 200,000. "Elfu na mia mbili" ni 1,200. Tofauti ni silabi moja ambayo watu wanaimeza, na hapo pengo si shilingi tano, ni karibu laki mbili. Niliwahi kuandika mchango wa msiba wa mtu kuwa 200,000 kumbe alitoa 1,200 ya mwisho mfukoni mwake, mtu alisifiwa mbele ya ukoo mzima akawa anaangalia chini, na mi ndo niliyesoma. Sikuhakiki kwa sababu namba ilikuwa nzuri, duara, haina mkia, na namba nzuri haikushtui. Kwenye "elfu" ikifuatwa moja kwa moja na "mia" rudisha rekodi nyuma usikilize mara mbili, hata kama una uhakika. Thelathini na themanini nazo zinafanana kwenye spika mbovu, hizo nazo rudi.

Zile za mtaani hazisumbui sana kwa sababu hazina utata, buku ni 1,000, jero ni 500, buku mbili jero ni 2,500, msimbazi ni ile noti nyekundu ya 10,000. Ziandike kwa tarakimu tu, usiweke "buku" kwenye muhtasari unaokwenda kwa afisa maendeleo ya jamii. Wazee wa pwani wanaweza kukutolea miteni, ni 200, usiogope.

Tahadhari moja kwa mtu ambaye kikundi chake kina watu wa Kenya au wanaotuma kwa shilingi ya kule. Hoja yangu ya sarafu haifanyi kazi huko, sarafu ya shilingi moja na ya tano bado zinatembea, na kwa simu mtu anatuma kiasi chochote anachotaka, kwa hiyo 10,005 inawezekana kabisa. Hata hapa kwetu hela ya simu inaweza kuja na mkia wa ajabu baada ya makato. Dawa yake ni ujumbe wa muamala, ule una tarakimu tayari, nakili kutoka kwenye ujumbe na wala usinukuu alichotamka. Na ukitoka kwenye hela kabisa, mfano kura au miche, utata unarudi wote, kura elfu kumi na tano inaweza kuwa 10,005 kweli na hakuna sarafu ya kukuokoa, huko ni fomu ya matokeo au kuuliza.

Namna ya kuandika sasa. Andika Sh 15,000, mkato kila tarakimu tatu kutoka kulia, sifuri zote. Usiandike 15 elfu wala 15,000.00 kama senti hazikuwepo. Usitumie nukta mahali pa mkato, ndugu zetu wa Kongo na Burundi waliosoma kwa Kifaransa wanaandika 15.000 na kwao ni sawa, ila ukiiingiza hivyo kwenye Ekseli ya simu iliyopangwa kwa Kiingereza itakusomea 15, na utakuwa umepoteza elfu kwa njia nyingine tena. Milioni 1.5 inafaa kwenye kichwa cha habari, kwenye muhtasari wa hela za watu andika 1,500,000.

Mtu asiposema kiasi kamili usimkamilishie. Kasema "kama laki tatu hivi" andika takriban Sh 300,000. Kasema "laki tatu na kitu" andika zaidi ya Sh 300,000. Ukiandika 300,000 kavu, mwezi ujao itageuka kuwa deni au ahadi ambayo mtu hakuitoa, na ataambiwa "mbona iko kwenye muhtasari".

Mi huwa naandika mara mbili. Kwenye daftari la rafu naweka maneno yenyewe, "faini elfu kumi na tano", palepale wakati nasikiliza, bila kugeuza chochote. Nikimaliza rekodi nzima ndo nageuza kuwa tarakimu, maana mstari wa mwisho ndo mara nyingi unaeleza wa kwanza, kama kwako, ile laki nane tisini na moja ndo imetuambia mengine yote yalikuwa nini. Ukigeuza huku unasikiliza unaamua kabla hujajua.

Na yako ile nitaiandika hivi:

Fedha za kufungua Sh 2,300,000. Hisa Sh 460,000 (hisa 92). Mfuko wa jamii 2,000 × 23 = Sh 46,000. Faini Sh 15,000. Rejesho la mkopo Sh 250,000, salio la mdaiwa Sh 500,000. Mikopo iliyotolewa Sh 1,500,000 na Sh 680,000. Fedha za kufunga Sh 891,000, zilihesabiwa mbele ya wanachama.

Hiyo hisa 92 na hilo salio la 500,000 nimeweka kwa kudhani bei ya hisa na deni nilivyokwambia juu, we weka ya kwenu. Na kuna zile ambazo hata ufanyeje hazijibiki, mtu anasema "milioni moja na ishirini" na huna deni la nyuma wala mihuri, inaweza kuwa 1,020,000, na kuna watu wakisema hivyo wanamaanisha 1,200,000. Hapo acha mstari wazi, weka alama ya kuuliza kwa penseli, mpigie mweka hazina umuulize atamke kwa tarakimu, "moja, sifuri, mbili, sifuri", kabla mwenyekiti hajasaini.